Mama amebaki peke yake Muheza: naomba mkague ujumbe huu kabla sijautuma kwenye kundi la ndugu

#1 MwanaMuheza

Salaam wakuu. Baba yetu alifariki siku 52 zilizopita, arobaini tumeshaisoma, na wageni wote wameondoka. Mama ana miaka 73, ana presha, na amebaki katika nyumba ya vyumba vinne iliyozungukwa na michungwa. Tumezaliwa sita. Kaka mkubwa ni mhasibu wa serikali Dar es Salaam, dada yetu ana duka la vitenge Mwanza, mimi wa tatu ni mwalimu Dodoma, mdogo wetu wa kiume amejenga hatua chache kutoka kwa mama na ni mkulima, mdogo wetu wa kike anafanya kazi za nyumbani Maskati, na kitindamimba amemaliza chuo ila bado anabangaiza Dar. Nimeandika ujumbe ufuatao na umelala kwenye simu kwa siku tatu, kwa kuwa ninaogopa kuutuma.

*"Ndugu zangu, assalaam aleikum. Tangu tumzike baba hatujazungumza jinsi ya kumtunza mama, na kila mmoja anatuma anachojisikia kwa siku anayojisikia. Nimefanya hesabu ya mwezi: chakula 130,000, msaidizi wa nyumbani 100,000, dawa na kwenda kliniki 40,000, umeme, maji na gesi 35,000, na akiba ya dharura 75,000. Jumla ni shilingi 380,000. Tukigawana sita, kila mmoja atatoa 63,500 kabla ya tarehe 5. Kuhusu kumtembelea, kila mmoja achukue mwezi wake, ili kila mtoto afike mara mbili kwa mwaka na mama asikae mwezi bila kuona uso wa mwanawe. Naomba maoni yenu."*

Maswali yangu ni mawili. Je, kugawana sawa ni haki, au wenye uwezo watoe zaidi? Na je, ni sawa mtoto wa tatu, tena wa kike, kuandika ujumbe kama huu wakati kaka mkubwa yupo na amekaa kimya?

#2 Mkwe wa Pangani

Pole kwa msiba. Gawaneni sawa na msitoke hapo. Sisi tulianza na utaratibu wa kila mtu kwa uwezo wake, na haukupita mwaka kabla aliyekuwa akitoa nyingi hajaanza kuamua mama ale nini, alale chumba gani na mgeni yupi aruhusiwe kulala. Mtu anayetoa mara mbili ya wenzake atataka pia kusikilizwa mara mbili, hata kama hatalitamka. Sita ni sita, na mama alibeba kila mimba kwa miezi ileile.

#3 Daftari la Duka

Mkuu wa #2, unauita mgawanyo huo kuwa sawa kwa sababu umesoma mstari mmoja tu wa hesabu. Nimefanya biashara Mwanza na njia hiyo ninaijua. Dada huyo akienda Muheza na kurudi, pamoja na kula njiani, hatatumia chini ya 150,000. Mara mbili kwa mwaka ni 300,000, yaani 25,000 za kila mwezi ambazo mleta mada hakuziandika popote. Kaka wa Dar akitumia 40,000 kwa safari, mwaka mzima atatumia 80,000, ambazo hazifiki 7,000 kwa mwezi. Kwa hiyo dada atakuwa anatoa 88,500 na kaka kama 70,000, na duka linafungwa siku anazosafiri, ilhali kaka analipwa mshahara hata akiwa likizo.

Ziara na michango ni daftari moja. Ukizitenganisha, aliye mbali atalipa mara mbili na kila mtu atamwona mkaidi siku atakaposhindwa kufika.

#4 Mama Sikitu

Mimi nimeolewa na mtoto wa kiume aliyejenga karibu na wazazi wake, kwa hiyo ninauona ujumbe huu kwa macho ya mtu ambaye hakutajwa kabisa ndani yake. Huyo mdogo wako mkulima ana mke, au hana? Kama anaye, basi kwa siku zote hizo 52 ni nani aliyekuwa anamchemshia mama maji ya kuoga, anayelala naye chumba kimoja kwa kuwa hajazoea kulala peke yake, na anayeamka naye saa nane ya usiku akitaka kwenda msalani? Mmemwandikia mume wake 63,500 sawasawa na mhasibu, na msaidizi mnayemtaja bado hajapatikana.

Mimi nilimuuguza mama mkwe kwa miaka minne. Mawifi walikuwa wakija mara mbili kwa mwaka na mikoba ya mchele na mafuta, wanapiga picha, halafu wananiuliza mbona mama amekonda. Sikuwahi kuombwa mchango wa fedha, nikaambiwa hiyo ndiyo heshima yangu.

#5 Msema Kweli wa Kange

Mama Sikitu, haki yako ipo kisheria. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mwanamke ni mchango. Huyo mke wa mdogo anaweza kuwadai ndugu wote, na mama mwenyewe anaweza kuchukua nusu ya nyumba kabla ya mirathi.

#6 Wakili wa Kijiweni

Ndugu wa #5, umeshika nusu ya jambo. Kesi hiyo ilihusu mgawanyo wa mali baina ya mume na mke walioachana, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa, na hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini haikusema kwamba mkwe anaweza kuwashitaki mashemeji zake kwa ajili ya kumtunza mama yao. Kuhusu mjane, kama mirathi itaendeshwa kwa sheria ya Kiislamu na marehemu ameacha watoto, fungu lake la urithi ni thumni, yaani moja ya nane. Jasho lake mwenyewe katika nyumba hiyo ni suala jingine la kuthibitishwa.

Ninataja hili kwa sababu linagusa mada. Hakikisheni mnajua mama anaishi katika nyumba ya nani kabla hamjaanza kuchangia bati na umeme. Nimeona ndugu wakikarabati nyumba kwa miaka mitatu, kisha mmoja akadai igawanywe, na fedha za ukarabati zikawa ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza.

#7 Nesi Mstaafu

Poleni sana. Ninaomba mnisikilize kuhusu ziara, kwa kuwa wengi mnaihesabu ziara kwa nauli tu. Nimefanya kazi katika kliniki ya presha kwa miaka mingi, na wajane nimewaona wengi. Mtoto anafika, mama anavaa khanga mpya, anachinjiwa kuku, kila mtu anasema mama yuko vizuri, na mtoto anaondoka bila kujua lolote.

Mtoto akifika, aombe kuona pakiti ya dawa. Kama mama alipewa vidonge 30 vya kumeza kimoja kila siku, na leo ni siku ya 25 jioni, vinapaswa kubaki vitano. Ukikuta 17, ujue amemeza 13 tu, na usimgombeze, muulize. Wengi huacha kwa sababu wanajisikia vizuri, na presha huwa haiumi. Wengine huacha kwa sababu dawa ya amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, naye anaona afadhali miguu yake irudi kama ilivyokuwa. Anapaswa kurudi kliniki abadilishiwe au apunguziwe, asiiache kimyakimya. Baada ya hapo tazama jikoni. Kama sufuria kubwa zote zimejaa vumbi na kuna kikombe cha chai tu kilichotumika, mama hapiki. Watu waliopika kwa ajili ya mume kwa miaka 50 mara nyingi hawaoni sababu ya kuwasha moto kwa ajili ya tumbo moja.

La mwisho ni njia ya msalani usiku. Kama choo kiko nje, wekeni taa na ndoo ya ndani kabla hamjafikiria jambo jingine lolote. Akianguka na kuvunjika nyonga, hiyo 75,000 ya dharura haitawafikisha popote.

#8 Mzee wa Busara Kidogo

Mada nzuri. Kwetu aliyebaki ni baba, na ninawaambia baba ni mtihani mwingine. Tuligawana ziara, tukagawana michango, tukamtafutia mpishi. Mwezi wa saba akatuita wote, tukadhani anaumwa, kumbe anataka kutujulisha kwamba anaoa. Dada zangu wakasusa kuchanga, kaka zangu wakaendelea, na mpaka leo makundi ni mawili. Mleta mada, ulizeni mapema kama mama ana mpango huo.

#9 Mama Sikitu

Mzee wa #8, mwenzako anazungumzia mama wa miaka 73 aliye ndani ya eda, wewe unamletea posa. Ila nimecheka.

#10 Kijana wa Raskazone

Eda si imeisha? Arobaini wameshasoma. Mimi ninaona suluhisho ni rahisi, mama ahamie Dar kwa kaka mkubwa wiki hii hii, gharama zitapungua na ziara hazitahitajika. Na kama bado yuko edani, basi hata kliniki haruhusiwi kwenda, kwa hiyo hiyo 40,000 iondoeni.

#11 Ustadhi Mtulivu

Kijana wangu, umechanganya mambo mawili. Arobaini ni mazoea yetu ya kukusanyika na kumwombea maiti, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, inayohesabiwa tangu kufa kwa mume. Kwa miezi ya mwandamo hiyo ni kama siku 128, kwa hiyo mama huyu ana zaidi ya siku 70 mbele yake, naye anatakiwa akae katika nyumba aliyofiwa akiwamo. Kutoka kwa dharura kama matibabu kunaruhusiwa, kwa hiyo kliniki aende na dawa anywe. Kumhamisha Dar ndiko kunakopaswa kusubiri.

Ninamwongezea mleta mada jambo moja. Wakati huu wa eda, mama haendi msibani wala harusini, na wanaomjia wanapungua kila wiki. Katika hesabu yako umegawa ziara mwezi kwa mwezi kwa usawa. Mngeziweka karibu zaidi katika miezi hii miwili, halafu mkazitawanya baadaye.

#12 Riyali Haina Mti

Ninasoma uzi huu nikiwa Maskati, na mimi ndiye "mdogo wa kike" wa familia nyingine kama hii. Ninamwomba mleta mada asome mstari wake tena, ule wa kila mtoto kufika mara mbili kwa mwaka. Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Siwezi kuondoka kabla haujaisha bila kuvunja kazi, na sikuweza kufika hata kwenye mazishi ya baba yangu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kupika chakula cha mchana cha watu wanane.

Ninalipwa riyali 90 na kaka zangu wanaamini ninalipwa 300. Kila orodha ikitengenezwa, jina langu linawekwa juu kabisa. Kama mdogo wenu yuko kama mimi, muulizeni anapata nini kabla hamjampangia, na kwenye ratiba ya ziara mwandikieni kitu anachoweza kukifanya. Mimi ninampigia mama kwa video kila Ijumaa, na dawa zake ninaziona kwenye kioo cha simu kama alivyosema nesi wa #7, kwa sababu ninamwambia azimwage mezani tuzihesabu pamoja.

#13 Shangazi wa Likoni

Poleni kutoka Mombasa. Huku kwetu jambo hili limeingia hata kwenye Katiba. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Nimewahi kumsomea kaka yangu kifungu hicho kwenye simu, akaniuliza kama Katiba imesema pia ni nani atakayenunua nepi za watu wazima, nikakosa jibu. Mama yetu anapokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, zinazochelewa na kuja kwa mafungu, na tumekubaliana kwamba hizo hazihesabiwi kwenye bajeti kabisa. Ni zake, awape wajukuu, anunue tambuu, hatuulizi.

#14 Mkaazi wa Ng'ambo

Unguja pia ipo Pencheni Jamii tangu mwaka 2016, kwa kila aliyefika miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 na baadaye ikaongezwa. Ninakubaliana na Shangazi wa Likoni kwamba fedha hiyo isitiwe kwenye hesabu ya watoto. Mama asiyekuwa na shilingi yake mwenyewe mkononi hugeuka mtoto ndani ya nyumba yake.

#15 MwanaMuheza

Nawashukuru wote. Nijibu machache. Mama Sikitu, ndiyo, mdogo wetu ana mke, na ndiye anayelala na mama tangu siku ya msiba. Nimesoma bandiko lako mara tatu na nimeona aibu, kwa sababu kwenye rasimu yangu jina lake halipo.

Jana nilimpigia kaka mkubwa peke yake, nje ya kundi. Alisema hakunyamaza kwa ubaya, alikuwa anangoja mtu aanze. Lakini pia alisema yeye ameshatoa sehemu kubwa, kwa sababu mama yuko kwenye bima ya afya kupitia kwake, na anataka bima hiyo ihesabiwe katika mchango wake. Sikujua la kumjibu.

#16 Daftari la Duka

La kumjibu lipo. Kwa mtumishi wa serikali makato ya bima ni asilimia ya mshahara, hayaongezeki kwa sababu amemwandika mama. Asingemwandika, angekatwa kiasi kilekile. Huo si mchango wa fedha.

#17 Nesi Mstaafu

Ni kweli kuhusu makato, ila msimdhulumu. Nafasi za wategemezi zina kikomo, na aliyomwandikia mama angeweza kumwandikia mtoto wake au mkwewe. Nimeona familia ambayo mke alikataa mama mkwe asiandikwe kwa sababu hiyo hiyo. Ameacha kitu, ingawa hakikutoka mfukoni. Na kama kadi ina matatizo, wazee wasio na uwezo wana utaratibu wa msamaha katika vituo vya serikali na wengi wana dirisha lao, ijapokuwa kupata huduma bila malipo na kuikuta dawa yenyewe dirishani ni mambo mawili tofauti. Ndiyo maana ile 40,000 ibaki.

#18 Mkwe wa Pangani

Narudi kidogo nyuma. Hoja ya nauli ya #3 nimeikubali, nilikosea. Lakini kuhusu mafungu kwa uwezo bado ninasimama pale pale. Na swali moja ambalo katika mabandiko yote 17 hakuna aliyeliuliza: mama ameulizwa? Tumempangia msaidizi, tumempangia Dar, Mzee wa #8 amempangia na mume.

#19 MwanaMuheza

Nilimpigia mama jana usiku baada ya Isha, nikamsomea bajeti yote. Alicheka kwanza. Kisha akasema msaidizi hamtaki. Hataki mtoto wa watu amwangalie akiwa katika hali aliyonayo, na anamtaka mkwewe, ambaye wamezoeana. Akasema akitakiwa kutafutwa mtu, atafutwe wa kumsaidia mkwewe shambani na kuchota maji, ili mkwewe apate nafasi. Dar hataki kwenda, hata baada ya eda, labda kwa wiki mbili. Akaomba vitu viwili ambavyo sikuwa nimeviandika. Cha kwanza ni bati la jiko la nje, ambalo baba alikuwa ameahidi kulibadilisha. Cha pili ni kwamba simu zetu zote zinamfikia asubuhi tukiwa njiani kwenda kazini, na asubuhi ana watu wa kuzungumza nao. Anataka tumpigie saa mbili usiku, kwa sababu huo ndio ulikuwa wakati wao wa kusikiliza taarifa ya habari pamoja.

Nikamuuliza kuhusu fedha za machungwa. Akanyamaza kidogo, akasema "Hayo muulize mdogo wako."

#20 Daftari la Duka

Hapo kwenye machungwa ndipo penye uzi wa kesho. Kwa sasa nimekufanyia hesabu upya, uikatae au uikubali.

Nauli zote ziingie kwenye mfuko mmoja: Mwanza 300,000 kwa mwaka, wewe wa Dodoma 160,000, kaka 80,000, kitindamimba 80,000. Jumla 620,000, ambayo ni kama 51,700 kwa mwezi. Ongeza kwenye 380,000, unapata 431,700. Ile 100,000 ya msaidizi ibaki ilivyo, ila iende kwa mtu wa shamba na kwa mkwe, mtakavyokubaliana. Sasa gawa kwa mafungu: kaka matano, dada wa Mwanza manne, wewe matatu, wa Maskati matano, kitindamimba mawili, na aliye kijijini hatoi fedha. Hayo ni mafungu 19, na kila fungu ni shilingi 23,000 ukiongeza kidogo kufunga hesabu. Kaka 115,000, Maskati 115,000, Mwanza 92,000, wewe 69,000, kitindamimba 46,000. Jumla 437,000, na baki ni ya salio la kutumia simu.

#21 Riyali Haina Mti

Umenisoma au umenipita? Mtu wa Maskati umempa matano kabla hajaulizwa mshahara wake.

#22 Daftari la Duka

Nimekosea, dada yangu, niwie radhi. Akisema matatu, mafungu yatakuwa 17 na kila moja litapanda hadi kama 25,400. Mleta mada amuulize kwanza, tena faraghani, asimuulize mbele ya wote.

#23 Mama Sikitu

Mimi ninapinga jambo moja katika hesabu ya #20. Umeandika "aliye kijijini hatoi fedha" kana kwamba mume na mke ni mtu mmoja. Mume amesamehewa mchango kwa jasho la mke. Je, akiamua yeye kutumia hiyo nafuu kwa mambo yake, mke amepata nini? Fedha ya mkwe itumwe kwa simu ya mkwe, kwa jina lake.

#24 Ustadhi Mtulivu

Hilo lina busara, ila lina hatari yake. Ukimlipa mkwe kila mwezi, siku mchango ukichelewa mtakuwa mmemdai kazi bila ujira, na kabla ya hapo alikuwa anafanya kwa mapenzi na kutafuta radhi. Mimi ningempa zawadi kubwa mara mbili kwa mwaka, na nisiiite mshahara.

#25 Mama Sikitu

Ustadhi, shikamoo, lakini mapenzi niliyafanya kwa miaka minne na hiyo zawadi kubwa sijaiona hadi leo.

#26 Wakili wa Kijiweni

Hapo sina sheria ya kuwapa. Ushauri wangu ni mdogo: ujumbe usitumwe na bajeti. Tuma kwanza ujumbe mfupi wa kuomba kikao cha simu, kaka mkubwa akifungue, wewe usome hesabu. Atakayeshika fedha asiwe yuleyule anayezitumia kijijini, na kila mwezi awaonyeshe ndugu zilizoingia na zilizotoka.

#27 MwanaMuheza

Nimefuta ile rasimu. Huu ndio niliotuma asubuhi hii, baada ya kumsomea kaka:

*"Ndugu zangu, assalaam aleikum. Mama amezungumza nami na ametoa maombi yake, ningependa myasikie kutoka kwake. Kaka anaomba tukutane kwa simu Jumapili saa tatu usiku, sote sita pamoja na shemeji yetu wa Muheza, kwa kuwa yeye ndiye anayelala na mama. Tutazungumza mambo matatu: nani atakwenda lini katika siku hizi zilizobaki za eda, gharama pamoja na nauli, na bati la jiko. Kila mmoja aje na kiasi anachokiweza bila kukopa. Kabla ya Jumapili naomba kila mtu amchagulie mama siku yake moja ya wiki, ampigie saa mbili usiku. Mimi nimechukua Jumatatu."*

Kitindamimba amechukua Jumatano na Jumamosi. Dada wa Mwanza ameandika "sawa" bila kutaja siku. Mdogo wetu wa kijijini ameusoma na hajajibu, na mke wake hayumo kwenye kundi, kwa hiyo sijui kama ameambiwa.

#28 Daftari la Duka

Mwingize shemeji kwenye kundi leo, kabla ya Jumapili. Na machungwa?

#29 MwanaMuheza

Nimemwingiza. Machungwa nitayauliza nikifika, tarehe 14. Safari ya kwanza nimeichukua mimi.